Baka jeupe au jekundu mdomoni: kwa nini daktari hukata kinyama cha kupima, na kalenda ya kurudi hupangwaje

Bibi mmoja wa miaka 58, mkaazi wa Ng'ambo mjini Unguja, alikuja kwangu kwa ajili ya jino. Gego la chini kushoto lilikuwa limevunjika, ncha yake ikimkwaruza shavu kila anapotafuna. Nilipolivuta shavu kwa kioo nikaona kitu ambacho yeye hakukitaja: baka jeupe ndani ya shavu la kushoto, urefu milimita 30 na upana 15, na nyuma yake, karibu na lile gego, sehemu nyekundu laini isiyozidi milimita 5.

"Bibi, hili baka unalo tangu lini?"

"Hilo doa la chokaa tu, mwanangu. Tambuu yangu naiweka upande huo."

Alikuwa anakula tambuu kwa zaidi ya miaka 30: jani, popoo, chokaa, katu na kipande cha tumbaku. Nitamfuata bibi huyu hadi mwisho wa maelezo haya, kwa sababu karibu kila hatua inayohusu mabaka ya mdomoni alipitia.

Hatua ya kwanza: kujua kama ni leukoplakia kweli

Leukoplakia si jina la ugonjwa mmoja wenye sababu moja. Shirika la Afya Duniani mwaka 1978 lililieleza kuwa ni baka jeupe ambalo haliwezi kutambuliwa kuwa ugonjwa mwingine wowote. Kwa maneno mengine, jina hili hubaki baada ya mengine yote kuchujwa. Baka jekundu linalobaki baada ya mchujo kama huo huitwa erithroplakia. Yakichanganyika meupe na mekundu, kama kwa bibi huyu, tunasema ni leukoplakia isiyo sare.

Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni mchujo, na sehemu kubwa yake hufanyika kwa kidole, shashi na maswali. Futa baka kwa shashi kavu. Likitoka kama maziwa yaliyoganda na kuacha wekundu chini yake, hao huenda ni fangasi, hasa kwa mtu mwenye kisukari, anayevaa meno bandia usiku kucha au ambaye kinga yake imeshuka. Kisha livute shavu. Weupe wa kijivu ulioenea mashavu yote mawili, unaofifia au kupotea shavu likivutwa, ni hali ya kawaida kabisa kwa watu weusi na hauhitaji dawa wala kisu. Mstari mweupe mwembamba unaofuata mahali meno yanapokutana nao ni wa msuguano wa kawaida. Mistari myeupe kama utando wa buibui, iliyopo pande zote mbili, hutuelekeza kwenye ugonjwa mwingine uitwao laikeni. Michirizi myeupe ya wima ubavuni mwa ulimi, isiyofutika, hutufanya tumwombe mtu apime VVU kama hajui hali yake.

Uliza pia kilichowekwa hapo. Watu huweka aspirini au mafuta ya karafuu kwenye jino linalouma, na ngozi laini ya mdomo huungua ikawa nyeupe. Jeraha la namna hiyo hupona lenyewe ndani ya siku chache mara kitu hicho kinapoachwa.

Kwa bibi huyu baka halikufutika, halikupotea shavu lilipovutwa, na lilikuwa upande mmoja tu, pale pale tambuu inapokaa. Nilimpima pia upana wa kufungua mdomo, maana popoo peke yake, hata bila tumbaku, hukausha na kukaza mashavu hadi mtu asiweze kufungua vizuri. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika ripoti yake ya mwaka 2004, liliweka popoo katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Nalisema hili kwa sababu wengi visiwani huniambia, "Mimi tumbaku nimeacha, nakula popoo tu," wakidhani hatari imekwisha.

Mwisho nilimpapasa shingo chini ya taya. Tezi ngumu isiyouma upande wa baka ingebadilisha kila kitu, na ningempeleka hospitali ya rufaa siku ile ile. Haikuwepo.

Hatua ya pili: wiki mbili, na zisizidi

Kukiwa na sababu inayoonekana, kama jino kali au meno bandia yasiyokaa vizuri, iondolewe, kisha baka litazamwe tena baada ya wiki 2. Utando wa mdomo hupona haraka. Kilichosababishwa na msuguano kitakuwa kimepona au kimepungua waziwazi. Fangasi wakishukiwa, dawa yao hutolewa katika muda huo huo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni wiki mbili kugeuka miezi. Mtu hupewa dawa ya fangasi, haisaidii, akaongezewa nyingine, kisha antibiotiki, kisha dawa ya kusukutua, na kila mara baka linapewa nafasi mpya. Baka lililobaki baada ya wiki 2 halihitaji dawa ya tatu, linahitaji kupimwa nyama.

Kwa baka jekundu tupu, lisilo na sababu ya wazi, wiki hizo hazingojwi hata kidogo. Shafer na Waldron mwaka 1975 walichapisha uchunguzi wa erithroplakia 65 zilizopimwa kwa hadubini: zaidi ya nusu zilikuwa tayari ni saratani iliyopenya, na nyingi kati ya zilizobaki zilikuwa na mabadiliko makali. Baka jeupe kwa wastani lina hatari ya karibu 1% kwa mwaka kugeuka saratani. Tofauti hiyo ni kubwa mno kiasi kwamba wekundu mdogo wa milimita 5 hutisha kuliko weupe wa sentimita 3, ingawa macho ya mgonjwa huvutwa na ule weupe.

Nilimsawazishia bibi lile gego, nikamwomba aache tambuu, tukapanga aonane nami siku ya 14. Aliporudi, ukingo wa mbele wa baka ulikuwa umefifia. Wekundu wa nyuma ulikuwa vile vile.

Hatua ya tatu: kwa nini kinyama, na kikatwe wapi

Hapo ndipo alipokataa. "Kisu hapana, mwanangu. Jirani yangu alikatwa, ikatambaa, na mwaka haukuisha."

Hofu hii ipo Pwani nzima na bara pia, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Huwa siicheki, kwa sababu waliokufa baada ya kukatwa ni watu wa kweli waliozikwa na hao wanaonisimulia. Lakini nilimwuliza jirani alikaa na uvimbe muda gani kabla ya kukatwa. Miaka miwili, alisema. Basi kilichomuua kilikuwa kimeshatambaa kabla kisu hakijafika. Kipimo kilikuja kueleza hali iliyokuwepo. Kukata kipande kidogo cha baka la mdomoni hakugeuzi baka kuwa saratani.

Sababu ya kukata ni moja. Mabaka mawili yanayofanana kabisa machoni huweza kuwa tofauti kabisa chini ya hadubini: moja ni gamba lililonenepa tu, jingine lina seli zilizoanza kupoteza mpangilio. Kuna rangi ya buluu inayopakwa mdomoni na taa za kumulika, nazo husaidia kuchagua pa kukata. Hazitoi jibu.

Na mahali pa kukata ndipo jibu linapopatikana au kupotea. Kipande huchukuliwa sehemu inayotia shaka zaidi: nyekundu, yenye vinundu, iliyochubuka, au ngumu kwa kidole. Kukiwa na kidonda, hukatwa ukingo wake na kuingia kidogo kwenye utando ulio hai, kwa sababu katikati ya kidonda mara nyingi kuna nyama iliyokufa tu. Baka kubwa au lenye sura mbalimbali hukatwa sehemu zaidi ya moja. Kwa bibi nilipanga vipande viwili: kipande A kutoka kwenye wekundu, kipande B kutoka mahali palipo peupe na panene zaidi.

Alikubali baada ya binti yake kuja na kusikiliza maelezo yale yale.

Siku ya kukatwa

Kula kama kawaida kabla ya kuja. Mweleze daktari kama una presha, kisukari, mzio wa dawa, au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini. Dawa hiyo usiiache mwenyewe. Daktari atapima kwanza jinsi damu yako inavyoganda na kuamua.

Sindano ya ganzi huchomwa pembeni mwa baka, si ndani yake, kwa sababu maji ya sindano huvuruga mpangilio wa seli tunazotaka kuziona. Kisha hukatwa kipande chenye umbo la jani dogo, urefu milimita 8 hivi, upana 4 au 5, na kina cha kutosha kufika nyama iliyo chini ya utando. Kina hicho ni cha lazima. Ukikwangua juu juu, mpatholojia, yaani daktari anayesoma kipande kwa hadubini, hataona mpaka kati ya utando na nyama, na swali kubwa kuliko yote, yaani kama seli zimeuvuka mpaka huo, halitajibika. Huwekwa uzi mmoja au miwili. Kazi yote haizidi dakika 20.

Kipande hakibanwi na koleo, maana seli husagika. Hulazwa juu ya karatasi ndogo, upande wa utando ukitazama juu ili kisijikunje, kisha huingizwa kwenye chupa ya formalini ya 10%, yenye ujazo usiopungua mara 10 ya kipande. Nimewahi kuona vipande vilivyoletwa kwenye maji ya chumvi au spiriti kwa kuwa formalini ilikuwa imekwisha. Maji huacha nyama ioze, spiriti huikausha na kuikunja, na mgonjwa hukatwa tena. A na B hukaa kwenye chupa mbili tofauti, na maandishi huwekwa kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani maabara.

Fomu nayo ina uzito wake. Ikiandikwa "baka mdomoni" peke yake, mpatholojia anasoma gizani. Ya bibi ilisema umri, tambuu yenye tumbaku kwa miaka 30, shavu la kushoto, ukubwa, wekundu upo wapi, na kwamba jino lilisawazishwa wiki 2 zilizopita.

Nyumbani, bana shashi mahali pa jeraha kwa dakika 20 hadi 30. Siku ya kwanza usisukutue, na chai ipoe kwanza. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Maumivu hutulizwa na parasetamoli. Aspirini iepukwe kwa kuwa huongeza damu kutoka. Damu isiyokoma baada ya kubana mfululizo kwa dakika 20, homa, au uvimbe unaoongezeka ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: kusoma jibu

Majibu huchukua wiki moja hadi mbili, zaidi pale ambapo kipande husafirishwa. Usikubali kuambiwa "majibu mazuri" bila kuonyeshwa karatasi.

Utando wa mdomo ni tabaka juu ya tabaka. Seli huzaliwa chini, hupanda, hubapa, kisha hupukutika. Gamba la juu likinenepa tu, jibu litasema haiparakeratosisi bila displasia. Displasia maana yake ni kwamba seli zimeanza kuvuruga mpangilio huo: ukubwa haulingani, viini vimekuwa vyeusi, na zinagawanyika mahali pasipo pake. Uvurugikaji ukiwa theluthi ya chini tu, displasia ni ndogo. Ukifika theluthi ya kati ni ya wastani. Ukifika juu ni kali. Katika hali zote hizo mpaka wa chini bado ni mzima. Ukivukwa, jina linabadilika kuwa saratani, na mgonjwa anahamia kwenye njia nyingine ya vipimo na matibabu.

Jibu la bibi lilikuja na sura mbili. Kipande B, kile cheupe kinene, hakikuwa na displasia. Kipande A, chekundu, kilikuwa na displasia ya wastani. Kama ningekata kile cheupe tu, kilichokuwa kikubwa na rahisi kufikia, karatasi ingemwambia hana tatizo.

Kuna mpaka mwingine wa kipimo hiki ambao mgonjwa ana haki ya kuujua. Kipande kinaeleza mahali kilipotoka tu. Katika tafiti ambazo baka zima lilikatwa baada ya kipande cha kwanza kuonyesha hakuna saratani, karibu 1 kati ya 10 yalikutwa na saratani sehemu nyingine ya baka lile lile. Ndiyo maana jibu lisilolingana na macho haliaminiwi haraka. Baka jekundu, gumu, linalokua, likija na jibu la "hakuna kitu", dawa yake ni kukata tena mahali pengine au kuomba mpatholojia wa pili asome, kwa kuwa hata wasomaji wazuri hutofautiana kati ya displasia ndogo na ya wastani.

Hatua ya tano: kupanga kurudi

Kalenda haitokani na karatasi ya maabara peke yake. Naangalia mambo manne kwa pamoja: daraja la displasia, rangi na sura ya baka, mahali lilipo, na ukubwa wake. Ubavu wa ulimi na sehemu ya chini ya ulimi ni mahali pa hatari kuliko shavu au kaakaa. Baka lisilo sare ni baya kuliko jeupe sawasawa. Lililozidi milimita za mraba 200, karibu ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, lina hatari zaidi. Na jambo linaloshangaza wengi: baka kwa mtu asiyetumia tumbaku wala popoo kabisa linatia wasiwasi zaidi, kwa sababu hakuna cha kuacha ili lipungue.

Baka dogo, jeupe sare, lisilo na displasia, hutazamwa kila miezi 6 na likitulia linaweza kufika mara moja kwa mwaka. Displasia ndogo naitazama kila miezi 3 hadi 6, na naikata yote kama ipo ulimini au chini yake. Displasia ya wastani au kali hukatwa yote pale inapowezekana, kisha mtu hurudi kila mwezi au miezi 3 mwaka wa kwanza. Mionzi ya leza huweza kutumika, lakini si kabla kinyama hakijapimwa, maana leza inayounguza huteketeza ushahidi.

Kukata hakufungi mlango. Mpaka sasa hakuna dawa wala upasuaji uliothibitishwa kwa majaribio mazuri kwamba unazuia saratani isitokee baadaye. Vitamini A na dawa za jamii yake zimeweza kufifisha mabaka, lakini hurudi zikiachwa. Sababu ilielezwa na Slaughter na wenzake mwaka 1953: sumu iliyogusa shavu moja imegusa mdomo mzima, kwa hiyo shamba lote limeathirika, hata pale panapoonekana pasafi.

Baka la bibi lilikatwa lote. Lilipopimwa zima, palikutwa doa moja lenye displasia kali ambalo vipande vyote viwili havikuligusa. Kingo zilikuwa safi. Tulipanga mwezi 1, kisha kila miezi 3 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 bila kikomo.

Kila anaporudi hufanyika mambo yale yale kwa mpangilio ule ule: shingo hupapaswa, mashavu, fizi, kaakaa, ulimi uliovutwa kwa shashi pande zote mbili, na chini ya ulimi. Ukubwa hupimwa kwa milimita, picha hupigwa kwa mwanga na pembe ile ile, kisha hulinganishwa na ya mwisho na pia ya kwanza kabisa, kwa sababu baka linalokua polepole hudanganya ukililinganisha na la mwezi uliopita tu. Kipimo kipya cha kinyama hufanyika wekundu ukitokea, ugumu, kidonda, vinundu, damu, au ukubwa ukiongezeka.

Mwezi wa 15 lilionekana baka jipya shavu la kulia, milimita 7, jeupe. Aliniambia bila kuficha kwamba alikuwa amehamishia tambuu upande ule, akidhani wa kushoto ndio ulioharibika peke yake. Tulikata kinyama: displasia ndogo. Aliacha popoo, na binti yake ndiye aliyemsaidia kushinda zile wiki za kwanza kwa kumpa iliki na mdalasini atafune. Baka hilo limepungua hadi milimita 3 na linatazamwa kila miezi 3.

Baada ya hayo alihamia Dar es Salaam kwa mwanawe. Nilimpa nakala za karatasi zote tatu za patholojia zenye nambari za maabara, na picha zake kwenye simu ya binti. Vipande vya nyama huhifadhiwa maabara ndani ya vijiwe vya nta kwa miaka, na kwa nambari hiyo hospitali mpya, iwe Muhimbili au kwingineko, inaweza kuomba visomwe upya bila kumkata mtu tena. Omba nambari hiyo siku unayopewa jibu, na iandike nyuma ya kadi yako ya kliniki.